Upana wa korongo kwenye foto mubaya: andika na kosa lake



Mwanzoni mwa musimu wa mvua tulipokea foto moja kwa telefone, kutoka koperative moja ya viazi upande wa Masisi. Mvua ilikuwa imekata njia ya kwenda mashambani, na pale pakafunguka korongo, ile wengi wetu tunaita ravini. Wanachama walitaka kuweka daraja ya miti ya kalitusi ili watu wapite na mifuko. Muti ulikuwako, na fundi wa musumeno alikuwa anangoja jambo moja tu: akate miti ya urefu gani? Barabara haikupitika siku hizo, agronomu hakuweza kupanda. Basi wakatuma foto, na maneno haya chini yake: « Mutupimie upana hapo kwa buro. »

Foto ilikuwa mubaya. Mvua ilikuwa bado inanyesha, mukono ulitetemeka, na foto ilikuwa imepita telefone nne mbele ya kutufikia. Lakini yule kijana aliyepiga alifanya jambo moja la akili: alilaza jembe chini, ukingoni. Bila lile jembe tusingeweza kusema hata neno moja, juu foto peke yake haina mita ndani. Korongo la mita 2 lililopigwa karibu na korongo la mita 6 lililopigwa mbali yanaweza kuwa sawasawa kabisa kwenye karatasi. Inahitajika kitu unachojua urefu wake. Tuliita kule, wakapima mupini wa jembe na mita ya fundi: mita 1,20, kutoka ncha hadi ncha.

Hesabu yenyewe ni ya mutoto wa shule. Tulitoa foto kwenye karatasi kubwa, tukachukua rula ya mwanafunzi. Kwenye karatasi mupini ulikuwa milimita 40 na korongo, kutoka ukingo hadi ukingo, milimita 140. Ukigawanya 140 kwa 40 unapata 3,5. Yaani korongo linaingia mipini mitatu na nusu. Mara 1,20, inatoka mita 4,2.

Hapo ndipo watu wengi wanasimama. Wanaandika « mita 4,2 », wanatuma, na fundi anakata. Tuone kwanza ile 4,2 imetoka wapi.

Foto ya telefone ni vipande vidogo vingi sana vya mraba, kila kimoja na rangi moja tu. Vinaitwa pikseli. Ukituma foto kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida, telefone inapunguza hivyo vipande ili isile mega nyingi. Hapo ukingo wa kitu, ambao ulikuwa mustari mwembamba, unakuwa kama ukungu: huku majani, huku shimo, katikati rangi ambayo si hii wala ile. Kuvuta foto kwa vidole ili iwe kubwa hakurudishi kilichopotea; vipande vinakuwa vikubwa tu, na ukungu unakuwa mukubwa pamoja navyo. Na zile programu za telefone zinazosafisha foto ni hatari zaidi, juu zinachora mustari safi pahali ambapo hakukuwa na mustari. Unaona ukingo mzuri, unapima kwa furaha, na ule ukingo ni wa kubahatisha. Kama telefone inaruhusu, tuma foto kupitia alama ya « Document », sio kupitia alama ya picha. Itachukua mega zaidi, lakini inafika nzima.

Sasa, ukungu unaharibu kipimo kwa kiasi gani? Tulifanya hivi. Watu watatu wa buro, kila mumoja peke yake, bila kuambiwa mwenzake amepata nini, walipima korongo kwenye karatasi. Mumoja alipata milimita 138, mwingine 140, wa tatu 143. Kila mumoja aliona ukingo pahali pake, na hakuna aliyedanganya. Kisha tulitazama kila ukingo na kuuliza: mustari wa kweli unaweza kusogea hadi wapi, huku na kule, bila foto kutukataza? Kwenye korongo, ambako majani yalifunika udongo, tuliona milimita 3 kila upande. Basi korongo liko kati ya milimita 134 na 146. Ncha za mupini zilionekana vizuri kidogo, milimita 1 kila ncha. Basi mupini uko kati ya 38 na 42.

Ili kupata upana mukubwa kabisa ambao foto inaruhusu, chukua korongo kubwa na mupini mudogo: 146 gawanya kwa 38, mara 1,20, inatoka mita 4,61. Kwa upana mudogo kabisa fanya kinyume: 134 gawanya kwa 42, mara 1,20, inatoka mita 3,83. Wengi wanakosea hapa kwa kuchukua kubwa na kubwa, kisha ndogo na ndogo. Hapo makosa yanafutana, na kipimo kinaonekana safi kuliko kilivyo. Unapogawanya, kikubwa juu na kidogo chini ndivyo vinatoa mwisho wa juu.

Mwisho wa chini tunausogeza chini na wa juu tunausogeza juu, hatuachi tarakimu mbili nyuma ya koma kwa foto ya namna ile. Tukaandika: karibu mita 4,2, iko kati ya 3,8 na 4,7. Tukajisifu kidogo.

Muzee mumoja wa ulinzi, ambaye aliwahi kuwa fundi wa mbao, alitazama karatasi yetu na kuuliza swali moja tu: « Hili jembe lililala wapi? »

Tulikuwa hatujauliza. Tuliita tena yule kijana.

« Ndugu, jembe ulilaza pale pale tutakapovukia? »

« Hapana, bwana agronomu. Pale udongo unabomoka. Nililaza upande wangu, hatua moja hivi mbele yake. »

« Na wewe ulisimama wapi? »

« Kwenye kona, pale ravini inapinda, naangalia kote mbili. Hatua tano hivi mpaka kwa jembe. »

Kitu kilicho karibu na telefone kinaonekana kikubwa. Jembe lilikuwa karibu kuliko pahali pa kuvukia, kwa hiyo kwenye karatasi mupini ulitoka murefu kuliko ambavyo ungetoka kama ungelazwa pale penyewe. Ukipima korongo kwa mupini uliovimba, korongo linakuwa dogo. Na hili kosa ni tofauti na la ukungu. Ukungu unaweza kukusukuma huku ao kule. Umbali unasukuma upande mumoja tu: korongo la kweli ni pana kuliko hesabu yetu. Hata watu mia wangepima ile karatasi, wote wangekosea kwa upande huo huo, na kwa kuwa wanakubaliana wangefikiri wako sawa.

Kusahihisha si vigumu. Unachukua umbali wa kutoka telefone hadi pahali pa kuvukia, unagawanya kwa umbali wa kutoka telefone hadi jembe. Tuseme jembe lilikuwa mita 5 na mustari wa kuvukia sentimita 75 nyuma yake: 5,75 gawanya kwa 5 ni 1,15. Mara 4,2, inatoka mita 4,8. Lakini « hatua tano hivi » na « hatua moja hivi » si vipimo vya mita. Hatua ya kijana kwenye matope inaweza kuwa fupi ao ndefu. Tulikubaliana kwamba jembe lilikuwa kati ya mita 4,5 na 5,5 kutoka telefone, na kuvukia kulikuwa kati ya sentimita 50 na mita 1 nyuma ya jembe. Kama telefone ilikuwa mbali na nafasi ile ndogo, inabidi kuzidisha kwa 1,09. Kama telefone ilikuwa karibu na nafasi ile kubwa, inabidi kuzidisha kwa 1,22.

Tunaweka yote pamoja. Chini: 3,83 mara 1,09, inapita 4,1 kidogo, lakini tunaandika 4,1. Juu: 4,61 mara 1,22, hatufiki 5,7, lakini tunaandika 5,7. Ripoti ikawa hivi:

« Upana wa korongo: karibu mita 4,8. Hauko chini ya 4,1 wala juu ya 5,7. Umepimwa kwenye foto ya telefone, kipimo ni mupini wa jembe wa mita 1,20. Sehemu kubwa ya kosa inatoka kwa ukungu wa ukingo na kwa jembe kulazwa mbele ya mustari. »

Ni sentensi nne, na kila moja ina kazi. Mutu anayesoma anajua namba ya katikati, anajua mipaka, anajua chombo, na anajua kitu gani cha kurekebisha kama anataka mipaka ikaribiane. Kama tungeandika tu « 4,8 ao zaidi kidogo », fundi angeuliza kidogo ni ngapi, na angekuwa na haki.

Mwanachama mumoja alilalamika alipopokea ile ripoti. « Munasema 4,1 mpaka 5,7! Hiyo si kupima, ni kuogopa. Mwanzoni mulisema 3,8 mpaka 4,7, hiyo ilikuwa nzuri zaidi. » Tunaelewa hasira yake. Mipaka myembamba inapendeza. Lakini ile ya kwanza haikuwa myembamba sababu tulijua zaidi. Ilikuwa myembamba sababu tulisahau jambo. Ukiona mutu anakupa kipimo cha foto na kosa dogo sana, muulize amehesabu makosa gani, na hakuhesabu gani. Mara nyingi amehesabu ukungu peke yake, juu ukungu unaonekana kwa macho.

Kwa daraja tunatumia mwisho wa juu, sio katikati. Tunataka muti ulale mita 1 nzima kwenye udongo muzima kila upande, kwa hiyo 5,7 na 2 ni 7,7. Miti ya mita 8. Kwa namba ya kwanza kabisa, ile 4,2 tupu, fundi angekata mita 6,2. Kama korongo ni 5,7 kweli, kila upande ungebaki na sentimita 25 za kulalia, kwenye ukingo ambao mvua bado inaumega. Mama mwenye mufuko wa viazi mugongoni angepita hapo.

Kwa kazi ingine ungechukua mwisho mwingine. Kama ungetaka kujua ni viazi ngapi vitatoka shambani ili kuahidi munenunuzi, ungeahidi kwa mwisho wa chini. Ndiyo sababu tunakataa kutuma namba moja: anayepima hajui kila mara namba itaenda kufanya kazi gani.

Lakini muti wa mita 8 ni muzito, na kuuteremsha kwenye mulima ule ni watu wengi. Ilifaa kujaribu kupunguza kosa mbele ya kukata. Tuliomba foto ya pili, na tukaeleza namna. Wachukue mwanzi wa mita 3 uliopimwa, juu kipimo kirefu kinasumbuliwa kidogo na ukungu: milimita 1 ya kosa kwenye 80 ni jambo dogo kuliko milimita 1 kwenye 40. Waulaze kwenye mustari wa kuvukia wenyewe, ncha moja ukingoni na ingine ikienda nyuma kwenye njia. Watu wa ng'ambo walaze mwanzi wa pili wa urefu ule ule upande wao. Wafunge kipande cha mufuko mwekundu kwenye kijiti cha kila ukingo, pale udongo muzima unaanza, sio pale majani yanaishia. Anayepiga asimame mbali zaidi, aegemeze telefone kwenye muti ili isitetemeke, na korongo libaki katikati ya foto. Kwenye pembe za foto, lensi ya telefone inapindisha vitu.

Mwanzi wa pili si wa mapambo. Kama mianzi miwili iliyo sawa inatoka tofauti kwenye foto, ujue aliyepiga alisimama kwa pembe, upande mumoja ulikuwa karibu naye kuliko mwingine. Hapo usipime, omba foto ingine.

Foto ya pili ilifika kesho yake, imetumwa kama « Document ». Mwanzi wa huku ulikuwa milimita 80 kwenye karatasi, wa ng'ambo 79. Tofauti hiyo ni ndogo kuliko ukungu wa ncha zake, basi tulikubali. Tukaweka mwanzi kati ya 78 na 82. Korongo, kutoka kijiti hadi kijiti, milimita 137. Vijiti vilionekana vizuri, lakini tulitoa milimita 4 kila upande wa hesabu, juu hatukuwa na hakika kama kijiti kimoja kilisimama wima. Basi 133 hadi 141. Katikati: 137 gawanya kwa 80 mara 3, ni mita 5,1. Juu: 141 gawanya kwa 78 mara 3, tunaandika 5,5. Chini: 133 gawanya kwa 82 mara 3, tunaandika 4,8.

Tazameni mipaka. Ya sasa, 4,8 hadi 5,5, imeingia yote ndani ya ile pana, 4,1 hadi 5,7. Inapaswa kuwa hivyo. Kama kipimo kipya kingeruka nje ya kile cha zamani, tungejua kwamba kuna kosa tulilosahau, pengine kwenye foto ya zamani, pengine kwenye mupya. Na tazameni pia ile ya kwanza tuliyojisifu nayo, 3,8 hadi 4,7. Haigusi hata mwanzo wa hii mpya.

Fundi alikata mita 7,5. Siku udongo ulipokauka kidogo, watu walivuka kwa kuzunguka juu, wakanyoosha kamba kutoka kijiti hadi kijiti na kuipima: mita 5,2. Kama unaweza kurusha kamba yenye jiwe kutoka mwanzoni, rusha kamba, achana na foto. Foto ni kwa wakati ukingo haukaribiki.

Swali lilitoka Walikale, kwa wanachama wanaolima kakao: si mungetumia picha ya angani, ya setelite, ili musisumbue watu? Tunajibu hapa kwa wote. Picha za bure za setelite za Ulaya zinazoitwa Sentinel-2 zina vipande vya mita 10 kwa 10. Za Amerika, Landsat, kwa kawaida ni mita 30. Korongo la mita 5 ni nusu ya kipande kimoja cha Sentinel. Haliwezi kupimwa hapo, hata kama njia iliyokatika inaonekana kama doa. Na kule kwetu mawingu yanaziba mara nyingi.

Kwa shamba inawezekana, ila andika kosa. Tuchukue shamba la mita 50 kwa 40, yaani ari 20. Kwenye Sentinel ni vipande 5 kwa 4. Mupaka wa shamba mara nyingi unapita katikati ya kipande, na kile kipande kinakuwa rangi ya mchanganyiko wa shamba na pori. Tuseme anayechora anakosea nusu kipande, mita 5, kila upande. Akikosea pande zote kuelekea nje, shamba linakuwa 60 kwa 50, ari 30. Akikosea zote kuelekea ndani, ni 40 kwa 30, ari 12. Ni mara chache pande nne zikosee pamoja hivyo, lakini hiyo ndiyo mipaka ambayo picha inaruhusu. Shamba la hekari 20 kwa picha ile ile lingekuwa na kosa dogo sana likilinganishwa na ukubwa wake, sababu mupaka ni mufupi ukilinganisha na yaliyo ndani. Picha ya setelite inampendelea mwenye malisho makubwa kuliko mwenye kipande cha maharagi. Kwa kakao iliyo chini ya miti mirefu, kama ile ya Walikale, hata ukungu haupo wa kupima: majani ya juu yanafunika, na mupaka hauonekani kabisa.

Kwa hiyo, mutu akileta karatasi ya setelite kwenye mazungumzo ya mupaka kati ya majirani, na juu yake imeandikwa « ari 18,7 », muulizeni kwanza vipande vyake ni mita ngapi. Kisha tembeeni pamoja kwenye mupaka wenyewe na mita, majirani wote wawili wakiwa wanashika kamba.